Mtenda Asiyetajwa: Namna ya Kufasiri Majhuli ya Suratul Jinn kwa Kauli ya Kutendwa

Aya ya 10 ya Suratul Jinn ina sentensi moja yenye kitenzi kimoja kilichotumiwa mara mbili. Mara ya kwanza kimefichiwa mtenda wake, umbo ambalo huitwa majhuli, na mara ya pili mtenda huyo ametajwa waziwazi. Matamshi yake ni haya: wa annaa laa nadrii a-sharrun uriida bi-man fil-ardhi am araada bihim rabbuhum rashadaa. Wasemaji ni kundi la majini waliokwisha kuisikia Qurani, na wanachokiri ni kwamba hawajui: waliomo ardhini wametakiwa shari, au Mola wao amewatakia uongofu? Shari haina mwenyewe katika sentensi hiyo, na uongofu una mwenyewe. Mfasiri akiteleza herufi moja tu, ama atamtaja yule ambaye majini hawakumtaja, ama atamfuta kabisa kana kwamba shari ilijizukia.

Mwongozo huu unaonyesha kazi ya kufasiri aya hiyo hatua kwa hatua, na unatumia majhuli mbili nyingine za sura hiyohiyo, uuhiya ya aya ya 1 na muli'at ya aya ya 8, kwa kuwa kila moja inafichua mtego wake katika Kiswahili. Msomaji anahitaji kujua kusoma msahafu wenye irabu na kuelewa kidogo istilahi za nahau. Zinazobaki zitaelezwa njiani.

Hatua ya kwanza: kuitambua majhuli kwa irabu zake

Wanafunzi wa madrasa hufundishwa kwamba kitenzi cha wakati uliopita kikijengwa kwa majhuli, herufi yake ya kwanza hupewa dhumma na ile iliyo kabla ya mwisho hupewa kasra. Kanuni hiyo inaonekana bila taabu katika muli'at, ambayo asili yake ni mala'a, yaani kujaza. Katika uuhiya, ambayo asili yake ni auhaa, dhumma ya mwanzo imeivuta wau ikawa irabu ndefu, lakini kasra bado ipo mahali pake.

Uriida ndiyo inayowapoteza watu. Asili yake ni araada, kitenzi chenye herufi dhaifu katikati, na kikigeuzwa kuwa majhuli ile alifu ya katikati hugeuka ya, na kasra huingia ndani ya irabu ndefu. Matokeo yake ni neno ambalo likiandikwa bila irabu halitofautiani hata kidogo na uriidu, yaani "ninataka". Katika msahafu tofauti huonekana kwenye dali ya mwisho, kwa kuwa uriida ina fat-ha na uriidu ina dhumma. Mtu anayenakili aya kutoka kwenye maandishi yasiyo na irabu na kuifasiri kwa haraka anaweza kuanza na "shari ninaitaka", kisha akashangaa kwa nini sehemu inayobaki haikubali kukaa. Basi kabla ya jambo lolote, isomeni dali.

Hatua ya pili: kumtafuta aliyekaa kwenye kiti cha mtenda

Mtenda akiondolewa katika Kiarabu, nafasi yake haibaki tupu. Kitu kingine huinuliwa kikae hapo, nacho huitwa naibu wa faili. Kumjua naibu huyo ni lazima, kwa sababu Kiswahili nacho kitataka kiima, na si lazima kiima cha Kiswahili kiwe ndiye naibu wa Kiarabu.

Katika muli'at naibu ni dhamiri iliyofichika inayorejea kwenye mbingu: majini wanasema waliigusa mbingu wakaikuta imejazwa. Katika uuhiya ilayya naibu si neno moja bali ni kishazi kizima kinachofuata, yaani ile habari kwamba kundi la majini lilisikiliza. Katika uriida naibu ni dhamiri inayorejea kwenye shari iliyotangulia. Wale waliomo ardhini hawamo katika nafasi hiyo. Wameletwa kwa herufi ya jarri, bi-man, kama watu ambao shari imekusudiwa kwao.

Hapa Kiswahili kina uwezo ambao Kiarabu hakina kwa umbo hilohilo. Kitenzi kikitiwa katika kauli ya kutendea na kisha kutendwa, yule aliyeathirika huwa kiima: mtu huletewa barua, hupikiwa chakula, hufungiwa mlango. Kwa hiyo mfasiri ana njia mbili za kuifasiri uriida. Anaweza kumfuata naibu wa Kiarabu na kusema "shari imekusudiwa kwa waliomo ardhini", au anaweza kuwainua watu na kusema "waliomo ardhini wametakiwa shari". Njia zote mbili zimemficha mtenda. Ya kwanza iko karibu zaidi na muundo wa Kiarabu, na ya pili iko karibu zaidi na Kiswahili cha watu. Uamuzi kati yake utakuja katika hatua ya sita, kwa kuwa hauwezi kufanywa bila kuutazama upande wa pili wa aya.

Hatua ya tatu: kuuliza kwa nini mtenda amefichwa

Si kila majhuli ina siri. Katika uuhiya ilayya mtenda hakutajwa kwa sababu anajulikana: hakuna mpokeaji wa wahyi anayehitaji kuambiwa wahyi unatoka kwa nani. Katika muli'at wasemaji ni majini wanaosimulia walichokikuta, na kilichowashughulisha ni walinzi na vimondo waliovikuta huko. Lakini katika uriida mtenda anatajwa maneno machache tu baadaye, tena kwa kitenzi kilekile. Hivyo hatuwezi kusema kwamba ameachwa kwa kuwa hajulikani, wala kwa kuwa nafasi haikutosha. Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 1373, alieleza katika tafsiri yake kwamba huo ni katika adabu ya majini katika usemi wao, kwa kuwa shari hawakuitaja na mtenda, ilhali kheri waliiegemeza kwa Mwenyezi Mungu.

Maelezo hayo yanakubalika vizuri, lakini mfasiri asiyageuze kuwa kanuni ya Qurani nzima. Katika Suratur Ra'd, aya ya 11, kitenzi hichohicho, tena na herufi hiyohiyo ya jarri, kimekuja na mtenda wake waziwazi: wa idhaa araada llaahu bi-qaumin suu'an falaa maradda lahu, yaani Mwenyezi Mungu anapowatakia watu ubaya, hakuna wa kuuzuia. Msemaji pale ni Mwenyezi Mungu akizungumza juu ya uwezo wake mwenyewe, wala hahitaji adabu ya kiumbe. Katika Suratul Jinn wasemaji ni viumbe. Kwa hiyo swali la kwanza la mfasiri liwe "nani anasema?", na hapo ndipo atakapojua kama kufichwa kwa mtenda kuna uzito unaopasa kulindwa kwa gharama yoyote.

Katika aya yetu uzito huo upo, na ndio unaozuia tabia moja iliyoenea ya kuweka mabano. Mfasiri huandika "wametakiwa shari (na Mola wao)" akidhani anamsaidia msomaji, kumbe amekijaza kimya ambacho ndicho maana yenyewe. Akitaka kueleza na aeleze katika tanbihi, na matini aiache kama ilivyo.

Hatua ya nne: kuchagua kitenzi cha Kiswahili

Kiarabu kimetumia araada pande zote mbili, na tofauti ya pande hizo iko kwenye kauli ya kitenzi tu. Tafsiri nzuri itumie shina moja pande zote mbili pia. Mfasiri anayesema "shari imepangwa" upande mmoja na "Mola wao amewatakia" upande wa pili amevunja mizani: msomaji atadhani majini wanazungumzia mambo mawili tofauti, mpango na matakwa.

Shina la taka linaingia hapa vizuri kuliko yote, kwa kuwa linatupatia wametakiwa na amewatakia, maneno mawili yanayotofautiana kwa kiambishi cha -w- na cha mtendwa. Kuna pingamizi moja, nalo ni kwamba kumtakia mtu jambo katika mazungumzo ya kila siku kunaweza kuwa ni kumwombea tu, kama tunapotakiana kheri za Idi, ilhali irada ya Mwenyezi Mungu si kutamani. Pingamizi hilo ni la haki lakini halina nguvu kwa wasikilizaji wa aya hii. Hadithi mashuhuri ya man yuridi llaahu bihi khairan yufaqqihhu fid-diin, yenye muundo huuhuu wa araada pamoja na bi, imezoeleka kwenye darsa zetu kwa maneno "Mwenyezi Mungu akimtakia mja kheri, humpa ufahamu katika dini". Masikio yamekwisha kulizoea neno hilo kwa maana ya irada. Atakayeona bado ni jepesi na atumie kusudia pande zote mbili, mradi asichanganye.

Tatizo la pili ni la umbo. Takiwa ni kauli ya kutendwa ya takia, lakini pia watu huitumia kwa taka yenyewe, na mara nyingi kwa maana ya wajibu: unatakiwa ulipe, wanatakiwa wafike saa mbili. Ukiandika "wanatakiwa shari", msomaji anaweza kusita akasoma kana kwamba watu wanahitajiwa au wanadaiwa kitu. Dawa yake ni kiambishi cha wakati. "Wametakiwa shari" huondoa ile maana ya wajibu, ambayo huambatana zaidi na -na-, na huafikiana na wakati uliopita wa uriida. Mgongano kama huo upo katika uuhiya. Neno "nimefunuliwa" linaweza kutokana na funua au funulia, kwa kuwa kauli zao za kutendwa zinafanana kabisa, na likisimama peke yake mtu anaweza kusikia kwamba msemaji amevuliwa shuka. Likifuatwa papo hapo na kishazi, "nimefunuliwa kwamba kundi la majini lilisikiliza", utata huisha. Wapo wanaokimbilia "nimeletewa wahyi", nami siipendi kwa aya hii kwa sababu inamleta mletaji, na msomaji ataanza kumfikiria malaika badala ya yule anayefunua.

Hatua ya tano: kuangalia -w- isigeuke hali

Kiswahili kina njia mbili za kutomtaja mtenda, na hazilingani. Mlango uliofunguliwa umefunguliwa na mtu, hata kama hatumtaji. Mlango uliofunguka huenda umesukumwa na upepo au komeo lake limelegea, na sentensi yenyewe haimdai mtenda yeyote. Majhuli ya Kiarabu iko upande wa mlango uliofunguliwa: mtenda yupo, ila amenyamaziwa. Kwa hiyo mfasiri ajihadhari na kauli ya kutendeka na vitenzi vingine vya hali vinavyofanana nayo kwa maana.

Katika uriida hatari hii huja kwa sura ya tafsiri nyepesi kama "shari imewapata" au "shari imewashukia". Sentensi hizo zinapendeza, lakini irada imetoweka ndani yake. Katika muli'at hatari ni kubwa zaidi kwa kuwa neno la hali ndilo la kwanza kumjia mtu: "tukaikuta imejaa walinzi wakali na vimondo". Imejaa ni hali. Mbingu imejaa kama mtungi uliokingwa mvua. Majini hawakusema hivyo. Walisema imejazwa, kuna aliyeijaza, nao walikuwa wamezoea kukaa huko kusikiliza bila kuzuiwa, na aya ya 9 inasimulia hilo.

Nilipofasiri aya hiyo kwa mara ya kwanza nilijisifu kwa kuikwepa imejaa, nikaandika "tukaikuta imejazwa na walinzi wakali na vimondo". Nilimpelekea maalimu wangu karatasi baada ya sala ya alasiri. Alisoma akavua miwani.

"Mwanangu, nani kaijaza hii mbingu?"

"Walinzi, maalimu," nilijibu kabla sijafikiri.

"Basi umeshawapa kazi isiyo yao."

Kosa lilikuwa kwenye na. Katika kauli ya kutendwa ya Kiswahili, na ndiyo inayomleta mtenda: barua imeandikwa na mwalimu, shamba limelimwa na vijana. Kiarabu fasihi hakina kawaida ya kumrudisha mtenda baada ya majhuli, kwa hiyo msomaji wa Kiarabu hamngojei. Msomaji wa Kiswahili anamngojea, na jina lolote litakalokuja baada ya na atalikalisha kwenye nafasi hiyo. Harasan katika aya si mtenda bali ni tamyizi, yaani linaeleza mbingu imejazwa nini. Kiswahili kinajua kulisema hilo bila kiunganishi chochote: gunia limejazwa mchele, ndoo imejazwa maji. Kwa hiyo "imejazwa walinzi wakali na vimondo" ni sahihi, na ile na iliyobaki inaunganisha walinzi na vimondo tu. Nimekwisha kuliona kosa langu katika rasimu za wengine mara nyingi, na hutokea zaidi kwa wale wanaoandika haraka, kwa kuwa "imejazwa na" hutiririka mdomoni.

Kuna njia ya tatu ya kumficha mtenda ambayo pwani huitumia kila siku, nayo ni wao wasiojulikana: wamemwibia, wamemwita, wamekata umeme. Katika mazungumzo ni mbadala mzuri wa kutendwa. Katika aya hii haifai hata kidogo, kwa kuwa "wamewatakia shari waliomo ardhini" huleta watenda wengi, na msomaji atawatafuta katika sura na kuwapata majini wenyewe.

Hatua ya sita: kupanga maneno

Kiarabu kimeitanguliza shari mbele ya kitenzi, mara tu baada ya hamza ya kuuliza. Upande wa pili umeanza na kitenzi, ukafuata mtenda, na uongofu umekuja mwisho. Mpangilio huo unaonekana masikioni: shari imesimama peke yake mbele, bila mwenyewe, na uongofu umefuata nyuma ya Mola wao. Tukisema "waliomo ardhini wametakiwa shari" tunapata maana, lakini shari imekwenda mkiani na pande mbili zimefanana kupita kiasi.

Kiswahili hutanguliza kwa ni pamoja na kirejeshi. "Ni shari waliyotakiwa waliomo ardhini" huiweka shari mbele, huwabakisha watu nyuma, na huiacha nafasi ya mtenda wazi. Kirejeshi ni -yo- kwa kuwa shari iko katika ngeli ya i-zi, na mwandishi anayeandika "waliotakiwa" atakuwa ameigeuza sentensi iwahusu watu walioteuliwa. Hapa pia ndipo ninapoiacha njia ya "shari imekusudiwa kwa". Ni sahihi, lakini neno "kwa" hushikamana na mambo mengi mno, na msikilizaji wa sauti moja anaweza kuisikia kama chombo au sababu.

Hatua ya saba: kuijaribu tafsiri kwa msikilizaji

Msomee mtu asiyejua Kiarabu tafsiri yako mara moja tu, kisha muulize: nani aliyetaka shari? Akijibu papo hapo "Mola wao", upande wa kwanza umemtaja mtenda mahali fulani, na mara nyingi utamkuta kwenye mabano au kwenye na. Akijibu "hakuna, imetokea tu", umeingia katika kauli ya kutendeka. Akijibu "hao majini", angalia kama umetumia wao wasiojulikana. Jibu unalolitafuta ni lile la mtu anayetulia kidogo na kusema, "hawakusema". Ukimwuliza ni nani aliyetaka uongofu, ajibu bila kutulia.

Mtihani huo ulifanyiwa tafsiri hii, ambayo ndiyo ninayoishikilia kwa aya ya 10:

Nasi hatujui kama ni shari waliyotakiwa waliomo ardhini, au Mola wao amewatakia uongofu.

Bibi mmoja aliyesomewa alikaa kimya, akasema hawakusema. Kisha akauliza kwa nini hawakusema, na hapo tukafungua tanbihi.